Jumanne saa tatu: weita, rosta na testi ya leseni

Kisa hiki cha kuomba ruhusa kazini ili kwenda kufanya testi ni cha hoteli moja ya pwani ya kaskazini ya Unguja, Nungwi. Mhusika nitamwita Haji, msimamizi wake Bi Zuwena, na mwenzake wa kutoka Bara nitamwita Petro. Majina si yao. Haji ni weita wa zamu ya asubuhi, saa 1:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri. Alikuwa amemaliza masomo ya udereva kwenye skuli moja ya mjini, ana lena yake mkononi, yaani leseni ya muda ya kujifunzia, na skuli ikamwambia kuwa kundi lao litapelekwa kufanya majaribio Jumanne, wafike saa 3:00. Lena yenyewe ilikuwa inakaribia kumalizika muda. Akiikosa Jumanne hiyo, angesubiri kundi jingine na kulipia tena gari ya kufanyia testi, kwa sababu gari ni ya skuli na inapangwa kwa kundi zima.

Taarifa hiyo aliipata Jumatano ya wiki iliyotangulia. Rosta ya hoteli hubandikwa Jumamosi, na picha yake hutumwa kwenye grupu la wasapu la wafanyakazi wa mgahawa. Haji alikaa kimya Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi. Jumapili usiku, rosta ikiwa imeshatoka na yeye kapangwa asubuhi wiki nzima isipokuwa Jumatano ambayo ni ofu yake, ndipo akamwandikia Bi Zuwena: "Bosi naomba ruhusa ya masaa mawili Jumanne saa 3 nna shida kidogo mjini."

Bi Zuwena hana mamlaka ya kuruhusu saa za kazi peke yake mwezi wa Agosti, hoteli ikiwa imejaa. Alimpelekea meneja, ambaye ni mgeni, ujumbe mfupi kwa Kiingereza, lakini saa akaiacha vile vile: Jumanne, saa mbili za ruhusa, kuanzia 3:00. Meneja akajibu kwamba zamu ya Haji inaisha 3:00, sasa ruhusa ya nini? Bi Zuwena, katikati ya pirikapirika za usiku, akamjibu Haji kwa neno moja: "Kakataa."

Nimepanga rosta za hoteli za pwani hii kwa muda mrefu, na kukataliwa kwa namna hii nakujua vizuri. Hapa hakuna aliyekuwa mkorofi. Meneja alikuwa akisoma saa kwa mtindo wa wageni, ambapo 3:00 isiyo na maelezo ni ya alasiri, na rosta yenyewe imeandikwa 07:00 hadi 15:00. Kwake yeye, Haji alikuwa akiomba ruhusa ya muda ambao keshatoka kazini. Nusu ya maombi ya saa chache yanayoharibika katika hoteli zetu huanzia hapo, kwenye saa ya Kiswahili iliyoingia kwenye karatasi ya mtu asiyeijua. Dawa yake ni nyepesi: andika "saa 3:00 asubuhi, yaani 09:00", mara zote, hata kama unayemwandikia ni mzaliwa wa Mkokotoni, kwa sababu hujui ujumbe utaishia kwa nani.

Ila hata kama meneja angeielewa saa, ombi la Haji lilikuwa bovu, na ubovu wake mkubwa ulikuwa kwenye yale "masaa mawili".

Hebu tuhesabu kama anavyohesabu mtu anayepanga zamu. Kutoka Nungwi hadi mjini ni zaidi ya kilomita 50. Daladala namba 116 huenda ikisimama njia nzima, inapakia na kushusha, kwa hiyo saa moja na nusu ni safari ya kawaida na saa mbili si ajabu. Kufika saa 3:00 kamili kwa mwendo huo ni kuondoka Nungwi saa 1:00, wakati zamu yake inaanza. Kisha, saa 3:00 ni saa ya kuripoti, si saa ya kushika usukani. Watu hukaguliwa karatasi zao, huulizwa alama za barabarani, halafu huitwa mmoja mmoja kwenye gari. Haji alikuwa katika kundi; angeweza kuitwa mapema, na angeweza kuwa wa mwisho. Tuseme amalize saa 6:00 mchana. Asali, ale, apande gari, afike Nungwi saa 8:30, akiwa na bahati. Zamu yake inaisha saa 9:00. Kwa maneno mengine, Haji aliyeomba saa mbili alikuwa anahitaji zamu nzima.

Yeye hakukusudia kudanganya. Aliomba muda wa testi, akasahau kuomba muda wa barabara na wa foleni. Lakini kwa msimamizi tofauti hiyo haimsaidii. Weita akiomba saa mbili, msimamizi hamtafutii mtu wa kumshikia. Anawaambia waliopo wajibane. Na saa mbili hizo ni zile za chai ya asubuhi, ambapo wageni wote wa hoteli wanashuka kula ndani ya muda mmoja. Ikifika saa 5:00 Haji hajarudi, saa 6:00 hajarudi, simu haipatikani kwa kuwa yumo ndani ya chumba cha mtihani, hapo ndipo ruhusa inapogeuka kesi. Nimeona watu wakipewa barua za onyo kwa ruhusa waliyokuwa wamekubaliwa, kwa sababu tu walijipunguzia saa wakidhani kuomba kidogo ndiyo adabu.

Tena kuna ile "shida kidogo mjini". Haji aliificha sababu kwa hofu kwamba hoteli ikijua anatafuta leseni, itajua anataka kuondoka. Kwa kweli alitaka kuhamia kwenye kazi ya udereva pale pale, ya kuwachukua wageni uwanja wa ndege. Lakini "shida" inaweza kuwa chochote, na shida inaweza kuahirishwa. Anayeisoma hana sababu ya kuamini kwamba Jumanne haiwezi kuwa Alhamisi. Uzito wa ombi la namna hii umo kwenye tarehe isiyosogezeka, ambayo imepangwa na mtu mwingine, na Haji aliutupa uzito huo kwa mkono wake. Mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kununua saruji na mtu anayeomba ya kwenda kufanya testi wangeandika sentensi hiyo hiyo moja.

Jumatatu asubuhi, wakati wa kupanga meza, wenzake walimpa ushauri wa aina mbili.

Mmoja akamwambia sheria inampa siku nne za dharura kwa mwaka, aende akadai haki yake. Alizitoa siku hizo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Namba 6, ambayo ni ya Tanzania Bara na haifiki huku. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira, Namba 11 ya 2005. Na hata huko Bara siku hizo nne zimewekwa kwa maradhi ya mtoto au msiba wa watu wa karibu, wala testi ya udereva haimo. Haji angekwenda ofisini na madai hayo angerudi ameharibu na yale maelewano aliyokuwa nayo. Ruhusa ya kwenda kufanya testi inaombwa, mwajiri anaweza kuikubali au kuikataa, na ndiyo maana namna ya kuiomba ina maana kubwa hivi.

Mwengine akamwambia apige simu Jumanne alfajiri aseme ana homa. Ushauri huu ndio unaofuatwa zaidi, na sitajifanya sijui kwa nini. Kwa Haji ungekuwa na ubaya wake maalumu. Leseni huwa na tarehe ya kutolewa, na cheti cha skuli ya udereva kina tarehe zake. Miezi miwili baadaye angezipeleka karatasi hizo hizo kwa meneja huyo huyo kuomba kazi ya udereva. Mtu anayetaka kukabidhiwa wageni na gari ya hoteli angekuwa anatoa kwa mkono wake ushahidi kwamba siku ile hakuwa na homa.

Bi Zuwena ndiye aliyelifungua jambo. Alimwona Haji kanuna, akamwita pembeni kwenye stoo ya vyombo.

"Hebu nambie, mwanangu, mjini kuna nini?"

"Testi ya leseni, Bi Zuwena. Kesho asubuhi saa tatu."

"Saa tatu ya asubuhi? Mbona meneja kasema saa tatu ushatoka?" Akanyamaza kidogo, akaelewa. "Basi sote hatukusema sawasawa. Na saa mbili ulizoomba, ukatestiwe urudi kwa helikopta?"

Kisha akauliza swali ambalo naliona ni bora kuliko yote: "Nani yumo jioni kesho?"

Swali hilo lilibadilisha ombi zima. Testi ni ya asubuhi. Zamu ya jioni inaanza saa 9:00 alasiri na kuisha saa 5:00 usiku, yaani 15:00 hadi 23:00. Kama Haji angebadilishana na mtu wa jioni, asingehitaji ruhusa ya saa hata moja. Hoteli ingepata saa zake zote nane, mshahara usingeguswa, likizo yake ya mwaka ingebaki ilivyo. Mwenye testi ya asubuhi na kazi ya zamu aanze hapo, kabla hajaandika neno "ruhusa". Kwa mtu wa ofisini mwenye saa za kudumu njia hiyo haipo, naye atabaki na kuomba kipande cha likizo au kufidia saa. Hotelini ipo, na watu huisahau.

Lakini kubadilishana zamu kuna mtego wake, na Haji karibu anase. Alimkimbilia kwanza rafiki yake wa jioni, akakubali papo hapo. Bi Zuwena akaikataa. Rafiki huyo alikuwa kazini Jumatatu jioni. Angetoka saa 5:00 usiku, afike kwao Kendwa apige mswaki alale, na saa 1:00 asubuhi awe ameshavaa sare. Weita aliyelala kwa muda wa saa tano tu akamiminiwa wageni wote wa asubuhi ni makosa juu ya makosa: oda zinachanganywa, vyombo vinavunjika, na anayelaumiwa ni msimamizi. Kwa hiyo unayemtafuta si mtu wa jioni yeyote, ni yule ambaye jioni ya kuamkia siku hiyo hayupo kazini.

Huyo alikuwa Petro. Ofu yake ni Jumatatu. Na Petro alikuwa na deni. Katika hoteli zetu kuna biashara ya kimyakimya baina ya wanaosali Ijumaa na wanaosali Jumapili: huyu anamshikia mwenzake mchana wa Ijumaa, yule anarudisha asubuhi ya Jumapili. Haji alikuwa ameshika Jumapili za Petro zaidi ya alivyolipwa. Alipompigia simu kwao, Petro hakuuliza mara mbili. Wala Haji asingekuwa na matatizo ya kurudi kazini mapema baada ya kutoka usiku wa Jumanne, maana Jumatano ni ofu yake. Hapo rosta ilimpendelea tu, na si kila mtu hupendelewa. Ingekuwa Jumatano ana zamu ya asubuhi, ilibidi aombe na hiyo isogezwe.

Ombi la pili liliandikwa Jumatatu kabla ya saa 4:00 asubuhi, Bi Zuwena akisimama pembeni. Nalitia hapa karibu kama lilivyokuwa:

"Assalaam alaykum Bi Zuwena. Kesho Jumanne nina testi ya leseni ya udereva mjini, kuripoti saa 3:00 asubuhi (09:00). Tarehe imepangwa, haiwezi kubadilishwa kwangu; picha ya ujumbe wa skuli ya udereva nimeiambatisha. Naomba kubadilishana zamu na Petro: yeye ashike yangu ya 07:00–15:00, mimi nishike yake ya 15:00–23:00. Petro amekubali na leo yuko ofu. Nikichelewa barabarani, Petro atanisubiri hadi 16:00. Jumatano ni ofu yangu, kwa hiyo hakuna zamu nyengine inayoguswa. Haji."

Sifa moja ya ujumbe huu ni kwamba meneja hakubakiwa na kazi ya kufanya isipokuwa kusema ndiyo. Kuna sentensi moja, hata hivyo, ambayo ningependa msomaji aitazame zaidi: ile ya kumsubiri hadi 16:00. Haji aliongeza kwa kuambiwa, na ndiyo iliyomwondolea msimamizi wasiwasi. Foleni ya testi haiko mikononi mwa anayetestiwa. Kujifanya inajulikana itaisha lini ni kuahidi kitu cha mtu mwengine. Saa ya 15:00 hadi 16:00 kwenye mgahawa ule ni saa baridi; wageni wamekula mchana, wa usiku bado, kazi ni kukunja vitambaa na kupanga meza. Kuchelewa saa hiyo kunabebeka. Kuchelewa saa hizo hizo kwenye chai ya asubuhi kusingebebeka. Kwa hiyo Haji hakuondoa uwezekano wa kuchelewa, aliusogeza hadi mahali ambapo hautaumiza mtu.

Meneja alijibu kwa dole gumba. Wengi wangeishia hapo, na hapo pana hatari nyengine. Hoteli ile wafanyakazi hubonyeza kidole kwenye mashine wanapoingia na kutoka. Mashine haijui habari za wasapu. Kesho yake ingemwona Haji hakuingia saa 1:00, Petro kaingia asubuhi asikotakiwa, halafu jioni Petro hayupo na Haji yupo. Mwisho wa mwezi mtu wa mishahara angekuta utoro mara mbili, mmoja kwa kila mtu, na wakati huo nani anakumbuka Jumanne ya katikati ya mwezi? Bi Zuwena alichukua rosta iliyobandikwa ukutani, akafuta kwa mstari mmoja, akaandika majina yakiwa yamebadilishwa, wote watatu wakatia saini pembeni (Petro alitia kesho yake alfajiri alipofika), na nakala ikapelekwa ofisini. Ruhusa isiyofika kwa anayehesabu mshahara ni nusu ruhusa.

Lilibaki la safari. Haji alitaka kupanda daladala ya alfajiri. Bi Zuwena hakumruhusu wala kumkataza, alimuuliza tu shangazi yake anakaa wapi. Anakaa Jang'ombe. Basi Jumatatu alipotoka saa 9:00 alishuka mjini, akalala huko, na asubuhi akawa na hatua chache tu za kufika, lena na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi vikiwa mfukoni tangu usiku. Katika hesabu ya awali, safari ya asubuhi ndiyo iliyokuwa na hatari kubwa; ya kurudi ilikuwa na kinga ya Petro, ya kwenda haikuwa na kinga yoyote.

Testi ilichelewa kuanza. Haji aliitwa miongoni mwa watu wa mwisho, akatoka karibu saa 7:00 mchana, akafika Nungwi saa 9:30, akamkuta Petro anakunja vitambaa. Alama za barabarani alizipata zote. Kwenye kurudisha gari nyuma kati ya vigingi aligusa kimoja, akaambiwa arudi.

Hapa kuna suala ambalo ombi zuri kabisa la Jumatatu halikuligusa, na Bi Zuwena alikuwa ameliuliza kwa mdomo: "Na ukifeli?" Kufeli mara ya kwanza kwenye udereva ni jambo la kawaida, na kunamaanisha ombi la pili baada ya wiki chache, kwa msimamizi yule yule, huku deni la Petro likiwa limeshalipwa. Haji alikuwa amemjibu kwamba akifeli atatafuta tarehe inayoangukia ofu yake. Jibu hilo si la kila mtihani. Anayefanya mitihani ya Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea hana la kuchagua, ratiba ni moja kwa nchi nzima. Faida yake ni kwamba ratiba hiyo hutoka mapema sana, kwa hiyo hana udhuru wa kuomba rosta ikiwa imeshabandikwa. Usaili wa ajira za serikali ndio mgumu kuliko yote, kwani mwito unaweza kuja siku chache tu kabla. Testi ya udereva iko katikati: tarehe ikishapangwa haisogei, lakini kabla haijapangwa skuli huweza kusikiliza.

Haji safari hii alikwenda skuli na picha ya rosta kwenye simu. Walikuwa na makundi mawili mbele, moja la Jumatatu na moja la Jumatano. Alichukua la Jumatano. Kisheria hakuwa na haja ya kumwambia mtu kitu, ofu ni yake. Ila mfanyakazi wa hoteli anajua ofu ya Agosti ilivyo: mtu akiugua saa 12:00 asubuhi, wa kwanza kupigiwa simu ni aliye ofu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo aliyopata tarehe, kabla ya Jumamosi, alimwandikia Bi Zuwena: "Jumatano ijayo ofu yangu nna testi tena, kuripoti saa 3:00 asubuhi (09:00), nitakuwa mjini tangu usiku wake. Nakuomba siku hiyo nisiitwe." Bi Zuwena akaandika kwa kalamu nyekundu kwenye rasimu ya rosta, pembeni ya jina la Haji: asiitwe.